Sambusa 300 kwa siku moja: manda za kuchoma au unga wa samli?

Oda ya sambusa 300 ina njia panda kabla hujanunua hata kitunguu. Njia ya kwanza ni manda: unga mtupu wa ngano, maji na chumvi, unasukumwa kwa tabaka, unapitishwa kwenye chuma cha moto, unabanduliwa na kukatwa vipande vyembamba. Njia ya pili ni unga wa samli: unga mgumu uliochanganywa na mafuta, unasukumwa mnene, unakatwa nusu duara na kujazwa ukiwa mbichi. Hiyo ya pili ndiyo sambusa nene ya viazi tunayoikuta kwenye maduka ya vitafunwa vya Kihindi, ile inayosimama yenyewe kwenye sahani kama koni.

Watu wengi huchagua kwa mazoea ya nyumbani kwao, na kwa sambusa 20 za futari hakuna ubaya. Kwenye 300 mambo hubadilika, kwa sababu ganda ndilo linaloamua ujazo uwe mkavu kiasi gani, utakunja kwa muda gani, mafuta yawe na moto upi, na sambusa itavumilia saa ngapi kabla haijatepeta. Nimezipika kwa oda za namna zote mbili, Dar es Salaam, kwenye joto na unyevunyevu wa pwani. Kwa hiyo nitazilinganisha kwa oda moja: arusi ya wageni 150, sambusa mbili kila mmoja, chai inaanza saa 10 jioni.

Ganda

Tuanze na manda, maana hapa ndipo wengi hukata tamaa wakakimbilia za dukani.

Kwa kila kilo moja ya unga weka kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi na maji nusu lita na kidogo. Kanda mpaka donge liwe laini lisiloshika mkono, lifunike, liache lipumzike nusu saa. Ukiliwahi kabla halijapumzika, kila ukisukuma linarudi nyuma. Kata madonge ya gramu 40, ukubwa wa ndimu ya wastani. Kila donge lipanue lifikie ukubwa wa kisosi. Sasa paka mafuta juu ya kisosi cha kwanza, nyunyiza unga mkavu juu yake, weka cha pili, paka, nyunyiza, hivyo hivyo mpaka vifike vitano. Cha juu kabisa hakipakwi kitu. Sukuma vyote kwa pamoja mpaka upate duara la sentimita 30, huku ukilipindua mara kwa mara, la sivyo la juu litakuwa kubwa na la chini litabaki dogo.

Chuma kiwe na moto wa wastani. Weka rundo lako sekunde 30 hivi upande mmoja, geuza, sekunde 30 tena. Unachotafuta ni rangi kutoka kwenye ubichi wa kung'aa kwenda weupe uliofifia. Ukiona madoa ya kahawia umeshachelewa: manda hiyo imekauka na itapasuka kwenye kona wakati wa kukunja. Litoe na ulibandue likiwa bado la moto, vidole vikilalamika kidogo, kwa sababu likipoa tabaka zinashikana. Kila unachobandua kiweke chini ya kitambaa chenye unyevu mdogo.

Makosa mawili ndiyo humaliza subira ya mtu. La kwanza ni kupaka mafuta katikati tu na kusahau kingo, halafu manda inagoma kubanduka kuanzia ukingoni na kuchanika. La pili ni kumwaga mafuta mengi ukidhani ndiyo dawa, kisha tabaka zinateleza chini ya mti wa kusukumia na hazipanuki. Mafuta yawe ya kupaka kwa vidole viwili, unga wa kunyunyiza ndio ufanye kazi ya kutenganisha.

Duara la sentimita 30 linatoa ndani yake mraba wa sentimita 21, na mraba huo unatoa vipande vitatu vya upana wa sentimita 7. Kila kipande ni sambusa moja. Kwa sambusa 300 unahitaji maduara 100, yaani marundo 20 ya matano matano, na donge zima la kilo 4. Unga wa kilo 3 unatosha pamoja na wa kunyunyizia. Ukiwa na mtu wa kusukuma na mwingine wa kuchoma, marundo 20 ni kazi ya saa mbili na kitu. Na uzuri wake ni kwamba inafanyika jana yake: manda zilizokatwa, zikafungwa vizuri kwenye mfuko wa nailoni, zinalala kwenye friji bila shida.

Unga wa samli ni hesabu nyingine. Unga kilo 5 na robo, samli au mafuta ya kupikia kilo 1, maji baridi lita 2 kasoro kidogo, chumvi. Unasugua samli ndani ya unga mkavu kwanza, mpaka ukifumbata ngumi na kuifumbua donge linabaki na alama za vidole. Ndipo unatia maji kidogo kidogo. Donge liwe gumu kuliko la chapati, gumu kiasi cha kukuudhi. Ukililainisha ili usichoke kusukuma, ganda litafura malengelenge kwenye mafuta. Madonge 150 ya gramu 55, kila moja linasukumwa kuwa yai la urefu wa sentimita 15 hivi na kukatwa katikati, unapata nusu mbili, sambusa mbili.

Hakuna kubandua, hakuna chuma, hakuna kuungua vidole. Lakini unga ni karibu mara mbili, na juu yake kilo nzima ya samli ambayo kwenye manda haipo. Tena donge hili halipendi kusubiri. Ukisukuma zote kwanza ndipo ujaze, za mwanzo zinakauka juu na kupasuka. Inabidi usukume, ujaze na ufunge kwa mfululizo.

Kuna pia manda za dukani, zilizogandishwa. Sina ugomvi nazo, na kwa mtu aliyepewa oda ghafla ni mkombozi. Ila uziyeyushe polepole ndani ya friji zikiwa kwenye pakiti yake, na ufungue pakiti moja moja. Nimewahi kufungua nne kwa pamoja mchana wa Januari, na ya nne ilikuwa imekuwa karatasi kabla sijaifikia.

Ujazo

Ukichoma manda, ujazo wako ni gramu 20, kijiko kimoja cha chakula kilichojaa kwa kilima. Kwa 300 ni kilo 6 za ujazo uliopikwa. Unga wa samli unameza gramu 40 au zaidi, kwa sababu koni ile ni pana. Hapo unazungumzia kilo 12. Ndiyo maana sambusa ile huwa ya viazi. Jaribu kuijaza nyama uone bei itakavyokutazama.

Ganda jembamba halisamehe maji. Manda ya nusu milimita ikikaa juu ya nyama yenye rojo, mvuke unapita ndani yake dakika chache baada ya kutoka kwenye mafuta, na sambusa inalegea ikiwa bado ya moto. Ganda la samli ni nene, na mafuta yaliyomo yanazuia maji kupenya upesi, kwa hiyo linavumilia viazi vilivyopondwa ambavyo kwa asili vina unyevu. Kwa neno jingine, ujazo wa manda lazima ukauke kweli, na wa samli ukikauka kiasi inatosha.

Kwa oda hii ya manda nanunua nyama ya kusaga kilo 5, isiyo na mafuta mengi. (Waliokulia Zanzibar na Mombasa tunaiita kima, na kila mwaka yuko mgeni anayeshtuka akidhani tumemsaga nyani.) Naiweka kwenye sufuria pana bila mafuta, na chumvi, tangawizi, kitunguu saumu na maji ya ndimu, moto mkali. Itatoa maji mengi, usiogope na usifunike. Unageuza na kuvunja mabonge mpaka maji yote yaishe na uanze kusikia nyama ikichatika chini ya sufuria. Mlio huo ndio ishara. Kabla yake ni mchemko, na nyama iliyochemka bado ina maji. Hapo tia pilipili manga, bizari nyembamba iliyokaangwa na kusagwa, mdalasini kidogo na pilipili ya kuwasha. Kilo 5 zitabaki kama kilo 3 na nusu hivi.

Kinachobaki ni vitunguu, na hapa kuna ubishi wa miaka yote. Wengine huvikaanga pamoja na nyama. Ujazo unakuwa mkavu, ndiyo, lakini unakuwa na ladha ya mchuzi, na sambusa inakosa ule ukali wa kitunguu unaokupiga puani ukiiuma. Wengine huvitia vibichi, vimekatwa vidogo sana, na vibichi vikikutana na chumvi ya nyama vinaanza kulia maji humo humo kwenye bakuli. Mimi nakata vitunguu maji kilo 2 na nusu, navitandaza kwenye kitambaa safi kwa saa moja bila chumvi, navikamua kidogo, kisha navitia kwenye nyama moto ukiwa umeshazimwa. Joto la nyama linavilainisha kwa nje, ndani vinabaki na uhai. Natia na kotmiri iliyokaushwa vizuri baada ya kuoshwa. Kisha yote natandaza kwenye sinia pana ipoe kabisa. Ujazo wa uvuguvugu ukifungwa ndani ya manda unatoa jasho, na manda inaoza kona kabla haijaona mafuta.

Kipimo changu ni rahisi. Weka kijiko cha ujazo kwenye sahani kavu, acha dakika 10, inamisha sahani. Ukiona maji yanatiririka, rudisha sufuria motoni. Ukiona mng'ao wa mafuta tu, endelea.

Viazi vya sambusa ya samli navyo vina jambo moja la kukumbuka: vichemshwe na maganda, vimenywe vikiwa vya moto, na virudishwe kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo mpaka viache kutoa mvuke. Kiazi kilichokatwa na kuchemshwa kwenye maji kimekunywa maji tayari, na utakutana nayo baadaye.

Kukunja

Kipande cha manda kinakunjwa kwa kuanzia ncha moja. Unaleta kona ya kulia kushoto ili upate pembetatu, unaipindua tena upate mfuko, unashika mfuko kama koni mkononi, unajaza, halafu unazungusha mkia uliobaki juu ya mdomo na kuugandisha kwa gundi ya unga. Gundi ni unga na maji tu, mzito kama uji wa mgonjwa uliopoa. Ukiwa mwepesi unalowesha manda na kuitoboa.

Kona ndizo za kuangalia, zote tatu. Inua sambusa uielekeze kwenye mwanga wa dirisha: kama unaona tundu la sindano kwenye ncha, mafuta yataliona pia. Yataingia, yatakaa ndani, na mgeni akiiuma yatamshukia kwenye kanzu. Tundu linatokana na kukunja pembetatu ya kwanza bila kukutanisha ukingo na ukingo. Paka tone la gundi, bana, songa mbele. Usijaze kupita kiasi pia, maana ujazo ukikaza sana manda inapasuka ubavuni.

Mkono uliozoea unakunja mbili kwa dakika. Mtu mmoja anamaliza 300 kwa saa mbili na nusu, wawili kwa saa moja na robo huku wakiongea mambo ya watu.

Nusu duara ya samli inafungwa kwa kulowesha ukingo ulionyooka kwa maji, kuukunja uwe koni, kuubana, kujaza, kisha kufunga mdomo kwa kubana na kukunja pindo. Kila mbano ni lazima uwe wa kweli kwa sababu donge lenye mafuta halishikani kwa urahisi. Mimi sijawahi kuzidi moja kwa dakika. Hiyo ni saa tano za mtu mmoja kwa kukunja peke yake, na kumbuka huwezi kusukuma zote mapema.

Mafuta

Hapa tofauti ni kubwa kuliko yote, na ndipo watu wengi huharibu kwa kutumia moto wa aina moja kwa ganda la aina nyingine.

Manda imeshapita kwenye chuma, iko nusu imeiva. Inachohitaji ni kukaushwa upesi na kupata rangi. Mafuta yawe kati ya nyuzi 170 na 180 za selisiasi, na sambusa zikae dakika tatu hadi nne. Chini ya 160 manda inakunywa mafuta na kutoka nzito. Juu ya 190 inakuwa nyekundu nje kabla maji ya ndani ya ganda hayajatoka, na baada ya nusu saa inalainika japo ilitoka kavu.

Unga wa samli ni mbichi na ni mnene. Ukiutupa kwenye nyuzi 175 unafura malengelenge, unapata rangi kwa dakika nne, na ndani una donge bichi kama chapati iliyokosewa. Unataka mafuta ya nyuzi 140 hivi, yanayotoa mapovu madogo ya uvivu, na subira ya dakika 12 hadi 15. Polepole hivyo maji yanatoka kwenye unene wote wa ganda na linabaki kama biskuti. Dakika moja ya mwisho unaweza kuongeza moto upate rangi.

Kwa karai lenye mafuta lita 4 hesabu inakuwa hivi:

| | Manda | Unga wa samli |
|---|---|---|
| Moto wa mafuta | nyuzi 170–180 | nyuzi 140 hivi |
| Kwa mkupuo mmoja | 25 | 20 |
| Muda wa mkupuo | dakika 3–4 | dakika 12–15 |
| Mikupuo kwa 300 | 12 | 15 |
| Jumla ya kukaanga | saa 1 na robo hivi | karibu saa 4 |

Ile saa moja na robo ina dakika mbili za kusubiri mafuta yarudi kwenye moto wake baada ya kila mkupuo. Usizikwepe. Sambusa 25 za baridi zinashusha mafuta kwa nyuzi nyingi, na ukiongeza nyingine juu yake unazichemsha.

Kipimajoto cha mafuta ni chombo kidogo na kwa mtu wa oda kinajirudishia pesa yake. Ukikikosa, tumia mabaki ya manda. Kipande kikizama na kupanda taratibu baada ya sekunde kadhaa, uko karibu na moto wa samli. Kikipanda mara moja kikiwa na mapovu ya haraka, na baada ya sekunde 15 bado ni cheupe kinachoanza kugeuka, uko kwenye moto wa manda. Kikigeuka kahawia ndani ya sekunde tano, punguza moto na usubiri.

Sambusa zikitoka, zisimamishe kwenye wavu wa chuma au chujio kubwa, mdomo chini, zisilaliane. Karatasi ya kunyonya mafuta ni nzuri kwa dakika moja tu. Zikiachwa juu ya karatasi, upande wa chini unakaa kwenye mvuke wake mwenyewe.

Kukaa kavu kwa saa kadhaa

Oda yangu ya kwanza kubwa niliipakia kwenye hotipoti tatu, za moto kutoka karaini, nikafunga vifuniko kwa fahari. Nilipofungua ukumbini, zilikuwa laini kama maandazi ya jana. Mama mkwe, ambaye alikuwepo kwenye shughuli ile, alishika moja, akaiinamisha, ikapinda. Akasema, "Mwanangu, hizi ulizikaanga vizuri halafu ukazichemsha." Sikuwa na jibu, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Ganda la sambusa kavu halina maji karibu kabisa, na ujazo una maji. Maji yanasafiri kutoka ndani kwenda nje bila kukoma. Hewa ikipita, yanaondoka. Ukifunga, yanarudi kwenye ganda. Kwa hiyo muda wa kukaa kavu unategemea mambo mawili: unene wa ganda na uwazi wa chombo. Kwenye unene, samli inashinda bila ubishi. Sambusa nene iliyokaangwa polepole, ikiachwa wazi, bado inavunjika mdomoni baada ya saa nne au tano. Manda yenye ujazo mkavu kwa hewa ya Dar es Salaam naipa saa mbili nzuri. Sehemu zenye hewa kavu kama Dodoma inasogea zaidi.

Lakini kabla ya kumtawaza mshindi kuna suala jingine ambalo ganda haliwezi kulitatua. Nyama iliyopikwa haitakiwi kukaa zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida, na siku ya joto la zaidi ya nyuzi 32 inashuka kuwa saa moja, kwa kuwa vijidudu vinaongezeka haraka kati ya nyuzi 5 na 60. Viazi vilivyopikwa navyo havina msamaha. Kwa hiyo zile saa tano za ukavu wa samli ni za mdomo tu, tumbo halizihesabu. Ukitaka kuandaa mapema, lazima sambusa ziwe baridi ya friji au moto wa zaidi ya 60, na katikati zipite upesi.

Na hapo manda inarudi mbele, kwa sababu inakubali kukaangwa mara mbili. Asubuhi nazikaanga zote 300 kwa nyuzi 160, dakika mbili tu, zinatoka nyeupe na ngumu kidogo. Nazitandaza kwenye wavu zipoe, na zikipoa tu zinaingia friji, kwenye trei zisizofunikwa kwa kubana. Alasiri, kule kule kwenye shughuli, mafuta yanafika 180 na kila mkupuo unakaa dakika moja na nusu mpaka mbili, mpaka rangi iwe ya dhahabu na katikati iwe ya moto kabisa. Vunja moja uhakikishe. Mkaango wa pili unafukuza maji yaliyokuwa yamehamia kwenye ganda wakati wa kupoa, na kwa uzoefu wangu sambusa hiyo inakaa kavu muda mrefu kuliko iliyokaangwa mara moja.

Njia ya pili ni kugandisha zikiwa mbichi, siku kadhaa kabla. Zipange kwenye trei iliyonyunyizwa unga, zisigusane, zigande kwanza ndipo uzitie kwenye mifuko. Haziyeyushwi kabla ya kukaangwa. Zikiyeyuka, vitunguu vinamwaga maji yote na manda inanata kwenye trei. Zinatoka kwenye friza moja kwa moja kwenda kwenye mafuta ya nyuzi 165, chache chache, 12 au 15 kwa mkupuo, dakika sita hivi. Futa barafu ya juu kwanza, maana mafuta yataruka. Sambusa za samli pia zinagandishwa, ila kiazi kilichoganda kikiyeyuka kinakuwa cha majimaji, na mkaango wake unasogea mpaka dakika 20. Kwa 300 sikushauri.

Ukumbi usiporuhusu jiko, unabaki na usafiri. Hapo tumia maboksi ya karatasi ngumu yaliyotobolewa ubavuni, chini weka karatasi ya kaki, panga sambusa zikiwa zimesimama, tabaka mbili, tatu ukizidisha, na karatasi kati ya tabaka na tabaka. Kifuniko kikae wazi nusu mpaka zipoe. Kama kule kuna ovena, iwashe nyuzi 100, acha mlango wazi kidogo kwa kuubana na mwiko, na sambusa zinaweza kukaa humo kavu na moto wakati chai inaendelea kuandikwa.

Kwa oda ile

Kwa arusi ya wageni 150 nilichagua manda, na ningechagua tena. Ijumaa jioni tulichoma marundo 20 na kuandaa nyama, ikapoa, ikaingia friji. Jumamosi saa 2 asubuhi watu wawili walianza kukunja, saa 3 na nusu wakawa wamemaliza. Mkaango wa kwanza ulikwisha saa 5. Saa 8 na nusu mchana tulikuwa ukumbini na karai, mtungi wa gesi na trei zilizobebwa kwenye boksi la barafu, na mkaango wa pili ulianza saa 9, mkupuo baada ya mkupuo, kiasi kwamba za mwisho zilikuwa zinatoka mafutani huku vikombe vinapangwa.

Unga wa samli ningeuchagua kwa oda ya viazi ya watu 60 au 80, jiko likiwa karibu na wageni wakiwa wanafika mmoja mmoja kwa saa mbili, kwa mfano msiba au kisomo cha jioni ambapo sahani inakaa mezani wazi. Pale ndipo ganda nene linalipa gharama yake. Pia kama huna mtu wa pili wa kukusaidia kuchoma na kubandua, manda 100 peke yako usiku wa manane ni adhabu. Heri samli chache au manda za dukani.

Mkaguzi wa bajeti ataniuliza kuhusu zile kingo za maduara nilizozikata ili kupata mraba. Ni zaidi ya theluthi moja ya donge lote, kilo moja na nusu hivi. Hazitupwi. Zinakatwa vipande, zinaingia kwenye mafuta ya 180 kwa dakika moja baada ya sambusa kwisha, zinanyunyiziwa chumvi, pilipili ya unga na ndimu, na watoto wa jikoni huwa wameshazimaliza kabla bibi arusi hajaingia.